UZI: Jengo letu kwenye mizania ni milioni 35, mtathmini anasema 140. Nani anadanganya hapa?

Mpiga_Hodi

Wakuu habari zenu. Nina kampuni na wenzangu watatu, kila mtu ana robo ya hisa. Mwenzetu mmoja anatoka na mkataba wetu wa wanahisa unasema anayetoka tutamnunulia hisa zake kwa "thamani ya vitabu". Mhasibu kaleta mizania ya mwisho wa 2024, mtaji wa wenye kampuni ni milioni 40, kwa hiyo robo yake ni milioni 10 (sarafu msiniulize, ichukulieni yoyote).

Jamaa kakasirika akaleta mtathmini wake, huyo mtathmini kaangalia kiwanja na jengo akasema ni milioni 140, wakati kwenye mizania yetu vimeandikwa milioni 35. Sasa jamaa anasema mhasibu kaficha mali ili tumdhulumu, mhasibu naye anasema hajaficha kitu, hesabu zimekaguliwa na ziko safi. Mimi niko katikati hata sielewi. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe na namba mbili zilizoachana hivyo na wote wawe wakweli?

kalkuleta_mbovu

Mhasibu wenu mwizi, hakuna kingine. 35 na 140 hata kama mtu kakosea kujumlisha hafiki huko

BiMizania

Mpiga_Hodi kabla watu hawajamfunga mhasibu wako, jibu mambo mawili tu. Mlinunua lini kwa bei gani, na kwenye bei hiyo kiwanja kilikuwa kiasi gani na jengo kiasi gani?

Mpiga_Hodi

Tulinunua mwanzoni mwa 2000 kwa milioni 60 vyote. Nimeangalia kwenye faili, kiwanja 20 jengo 40. Kuna sehemu wameandika jengo miaka 40.

BiMizania

Basi 35 yako imeshajieleza yenyewe. Jengo la 40 linagawanywa miaka 40, yaani kila mwaka milioni 1 inatolewa kama uchakavu. Kutoka mwanzo wa 2000 hadi mwisho wa 2024 ni miaka 25, zimetoka 25, jengo limebaki 15. Kiwanja hakichakai kwa hiyo kimekaa pale pale kwenye 20. Jumla 35. Mhasibu wako hajaficha hata senti.

Kinachowachanganya watu ni kudhani ile 35 ni jibu la swali "hili jengo linauzwa bei gani", wakati hakuna mtu aliyewahi kuliuliza swali hilo kwenye vitabu vyenu. 35 ni sehemu ya hela mliyotoa mwaka 2000 ambayo bado haijapelekwa kwenye matumizi ya mwaka wowote, basi, ni masalio ya risiti ya zamani. Soko lingepanda mara kumi au lingekufa kabisa pale kwenye kiwanja, uchakavu ungeendelea kuwa milioni 1 kila mwaka kana kwamba nje hakuna kinachotokea (thamani ikianguka kweli kweli kuna utaratibu wa kuishusha, lakini kupanda hakuigusi kabisa ukiwa kwenye njia ya gharama).

Na angalia pengo lenyewe linatoka wapi. Muulize mtathmini akutenganishie 140 yake, nahisi sehemu kubwa ni kiwanja.

Mpiga_Hodi

Umejuaje dada. Kaandika kiwanja 110, jengo 30.

BiMizania

Ndiyo hivyo, kiwanja kimetoka 20 kwenda 110, hapo peke yake pengo la 90. Jengo kutoka 15 kwenda 30, pengo la 15. Jumla 105. Kadiri ununuzi ulivyo wa zamani na kadiri sehemu ya kiwanja ilivyo kubwa ndivyo vitabu vinavyoachana na soko. Kampuni ya jirani yenu ingenunua kiwanja kama hicho hicho mwaka jana ingekiandika 110 na nyie mnaandika 20, mali ile ile, mtaa ule ule, na mizania zote mbili ziko sahihi. Hili ndilo jambo baya zaidi la gharama ya ununuzi kwa maoni yangu, siyo kwamba namba ni ndogo, ni kwamba unajumlisha hela za miaka tofauti kana kwamba ni za siku moja.

Kocha wa Stoo

Samahani naomba kuuliza, hizo milioni 25 za uchakavu ziko benki gani? Maana kama kampuni imetenga milioni 1 kila mwaka miaka 25 basi huyo anayetoka ana haki ya robo yake, milioni 6 na kitu, juu ya ile 10.

BiMizania

Hapana kaka, hakuna hela iliyotengwa popote. Hela ilitoka siku moja tu, ile siku ya kununua mwaka 2000. Uchakavu ni kuigawa ile hela kwenye miaka, ni kuandika tu, hakuna senti inayohama. Ukitaka kuhakikisha fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, uchakavu unarudishwa juu kwenye faida kwa sababu haukutoka mfukoni mwaka huo.

Kocha wa Stoo

Duh. Mimi miaka yote najua ni mfuko wa kununulia jengo jipya 😅

mkaguzi_mstaafu_mtarajiwa

Naongezea hapo. Kwa viwango vya kimataifa kampuni inatakiwa mali zake ziwe kwa thamani ya haki, yaani bei ya soko ya leo, hii ya gharama ya kale imepitwa na wakati. IFRS 13 imekuja mwaka 2011 imebadilisha kila kitu. Mhasibu wa jamaa hapa yuko nyuma.

BiMizania

Ndugu yangu hapo umechanganya. IFRS 13 inaeleza *namna* ya kupima thamani ya haki pale ambapo kiwango kingine kimekutaka au kimekuruhusu uipime, yenyewe haimlazimishi mtu kuitumia. Kwa jengo unalolitumia mwenyewe kiwango kinachohusika ni IAS 16, na hiyo inakupa uchague, gharama ukitoa uchakavu au uthaminishaji upya. Kampuni nyingi zinakaa kwenye gharama. Wamarekani ndiyo kabisa, kanuni zao haziruhusu kupandisha jengo la matumizi yako hata ulilie.

mkaguzi_mstaafu_mtarajiwa

Sawa kwenye kuchagua nimekubali. Lakini basi kwa kampuni ndogo kama ya huyu haiwezekani kabisa, kile kiwango cha kampuni ndogo na za kati hakiruhusu kuthaminisha upya, hilo nina uhakika nalo nilifanyia mtihani.

BiMizania

Mtihani ulifanya zamani. Kile cha 2009 kweli kilikataza. Marekebisho ya 2015 yakaruhusu. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, tatizo ni tarehe.

mkaguzi_mstaafu_mtarajiwa

😂😂 haya nimekaa

Zuhura Kalamu

Mimi naomba niulize la kwangu wakuu msinifukuze. Nina biashara ya ubunifu wa nembo na vifungashio, miaka 12 sasa, jina linajulikana, wateja wanarudi wenyewe. Nimetaka kuuza nusu, mnunuzi kaangalia mizania kaona kompyuta na meza, ananiambia "mali zako ni vumbi tu". Jina langu mbona halipo kwenye mizania?

BiMizania

Halipo na halitaingia dada Zuhura, jina ulilolijenga mwenyewe IAS 38 imekataza kuliandika kama mali, kwa hoja kwamba gharama ya kulijenga haitenganishiki na gharama za kuendesha biashara nzima. Kichekesho ni kwamba huyo mnunuzi akinunua biashara yako yote, jina lile lile ambalo kwako ni sifuri linaingia kwenye mizania *yake* kwa thamani ya haki siku hiyo hiyo. Kwa hiyo akikuonyesha mizania kama bei mwambie akuonyeshe mapato ya miaka mitatu ijayo anayotegemea kutoka kwa wateja wako, hapo ndipo bei ilipo.

Zuhura Kalamu

Asante dada, kesho ananikoma

Mpiga_Hodi

Turudi kwangu. Kwa hiyo dada BiMizania tukiamua leo kuandika 140 inakuwaje? Jamaa anasema "ni kufuta 35 na kuandika 140 tu, dakika mbili".

BiMizania

Dakika mbili za kuandika, miaka 15 ya kuishi nayo. Twende taratibu.

Kwanza, ongezeko la 105 haliingii kwenye faida. Linapita pembeni ya faida linakwenda kwenye mtaji kama akiba ya uthaminishaji, na kwa kawaida hamuwezi kuligawa kama gawio kwa sababu hakuna hela iliyoingia. Kwa hiyo mwaka huo mtaonekana matajiri na akaunti ya benki iko vile vile.

Pili, uchakavu unapanda. Jengo sasa ni 30 na limebakiwa na miaka 15, hiyo ni milioni 2 kila mwaka badala ya 1. Faida yenu inashuka milioni 1 kila mwaka bila biashara kubadilika chochote. Na ukipima faida kwa mali, faida imepungua na mali zimeongezeka, pande zote mbili zinakuumiza. Mameneja wanaolipwa bonasi kwa kipimo hicho ndiyo maana hawataki hata kusikia neno mtathmini.

Tatu, hii wengi hawaijui mpaka siku ya kuuza. Mkiuza kwa 140 mkiwa kwenye gharama, mnaonyesha faida ya 105 mwaka huo. Mkiuza kwa 140 mkiwa mmeshathaminisha, faida ya mauzo ni sifuri, ile 105 inahama tu ndani ya mtaji kutoka akiba moja kwenda nyingine, haipiti kwenye faida milele. Hela iliyoingia benki ni ile ile.

Na msidhani mtathaminisha hili jengo moja mkaacha mengine. Ni kundi zima la mali za aina hiyo, na mkianza lazima mrudie mara kwa mara ili namba isiachane tena na soko. Hamuwezi kupandisha mwaka mzuri halafu mkasahau.

Hesabu_Haina_Undugu

Dada BiMizania umesahau kodi. Hiyo 105 siyo yote ya wenye hisa. Tuseme kiwango cha kodi ni asilimia 30, mkipandisha mnaandika na deni la kodi iliyoahirishwa, yaani kodi itakayodaiwa baadaye, 31.5, inayobaki kwenye mtaji ni 73.5. Kwa hiyo mtaji hauwi 145, unakuwa 113.5. Robo ya jamaa siyo 36.25 anayoota, ni kama 28.4.

BiMizania

Kweli kabisa nimepitiwa, asante.

kalkuleta_mbovu

kwa hiyo mhasibu sio mwizi?

Hesabu_Haina_Undugu

Siyo mwizi mkuu.

kalkuleta_mbovu

sawa ila milioni 10 kwa mtu mwenye robo ya jengo la 140 moyo wangu unakataa tu. Toeni hii gharama ya kale kila mahali tubaki na bei ya soko, shida yote inaisha

Mzee wa Risiti

Vijana mnaikimbilia bei ya soko kama vile ipo mahali imeandikwa ukutani. Mimi nimekaa kwenye kamati za mikopo muda mrefu, jengo moja wiki moja watathmini wawili, mmoja 140 mwingine 118. Siyo wezi. Mmoja kachukua mauzo matatu ya karibu akayarekebisha kidogo, mwingine kakokotoa kutoka kwenye kodi ya pango na kiwango cha mapato alichokichagua yeye. Ukigusa kile kiwango kidogo tu jibu linaruka. Tofauti ni 22, robo yake ni 5.5, yaani zaidi ya nusu ya ile milioni 10 mnayogombania, inategemea tu umemwita nani.

Hisa inayouzwa sokoni kila siku sawa, fungua skrini bei hii hapa. Jengo halina skrini. Ndiyo maana tuliipenda risiti, mtu yeyote anaikuta pale pale na hakuna wa kumbembeleza.

BiMizania

Mzee shikamoo. Hapo kwenye jengo nakuunga mkono, thamani ya haki ni bei ambayo *ungepata* ukiuza kwa utaratibu wa kawaida, na neno "ungepata" limebeba makisio mengi. Kuna mtego mwingine pale kwenye ripoti ya Mpiga_Hodi. Thamani ya haki inapimwa kwa matumizi yenye faida kubwa zaidi kwa mnunuzi yeyote, siyo kwa matumizi yenu. Kama mnunuzi mwenye akili angebomoa na kujenga ghorofa, basi kiwanja kinaweza kuwa 130 na jengo likawa karibu na sifuri, na mtathmini akiandika kiwanja kwa bei ya wabomoaji halafu akaongeza 30 ya jengo kana kwamba litabaki, kahesabu mara mbili. Mpiga_Hodi angalia hilo kwenye ripoti, kile kiwanja 110 kalinganisha na viwanja vya nini?

Ila mzee risiti nayo inaua. Angalia Silicon Valley Bank, ile benki ya Marekani iliyoanguka.

Mzee wa Risiti

Marahaba. Ile ilikimbiwa na wateja, risiti haikuhusika.

BiMizania

Ilikimbiwa kwa sababu watu walijua kilicho nyuma ya risiti. Mwisho wa 2022 walikuwa na hati fungani walizosema watazishika hadi ziive, kwenye mizania ziko kwa gharama, kama dola bilioni 91. Riba zilipanda mwaka ule, hati za zamani zenye riba ndogo zikashuka bei, thamani ya soko ikawa kama bilioni 76. Pengo la bilioni 15, na mtaji wote wa benki ulikuwa kama bilioni 16. Yaani ukiandika kwa soko mtaji umebaki ukucha. Na hawakuficha, thamani ya soko ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye ripoti yao. Tarehe 8 Machi 2023 wakatangaza wameuza hati nyingine kwa hasara ya bilioni 1.8, kesho yake watu wakataka kutoa bilioni 42, tarehe 10 ikafungwa.

Gharama ilikuwa sawa kabisa kwa sharti moja, kwamba hawatalazimika kuuza.

Mzee wa Risiti

Sasa hapo umesema. Lakini ona na upande wa pili, hati zile zikishikwa hadi mwisho zinalipa zote kamili. Benki yenye wateja watulivu ingeandika hasara ya bilioni 15 halafu miaka inayofuata ikairudisha yote, ingekuwa imetisha watu bure. Tatizo lilikuwa amana, siyo njia ya kuandika.

BiMizania

Amana zenyewe zilikimbia baada ya kusoma namba mzee.

Mzee wa Risiti

Hapo hatutakubaliana binti yangu, tumwachie kijana uzi wake.

Mpiga_Hodi

Nimerudi na mawili. Kwanza ripoti, ni kweli kiwanja kalinganisha na viwanja vitupu vitatu vilivyonunuliwa na wajenzi wa maghorofa, halafu chini kajumlisha jengo 30 kwa gharama ya kulijenga upya ukitoa uchakavu. Nikamuuliza kama mtu anayenunua angebomoa au la, akasema "inategemea".

Pili nimesoma mkataba tena vizuri. Haujaandika "thamani ya vitabu" peke yake, unasema "thamani ya vitabu kwa mujibu wa hesabu za mwisho zilizokaguliwa". Sasa jamaa anataka kusogeza tarehe ya kutoka, asubiri hesabu za mwaka huu, na kwenye kikao kijacho apendekeze tuhamie kwenye uthaminishaji. Anasema tukihama lazima turekebishe na 2024.

Hesabu_Haina_Undugu

Hilo la 2024 hapana. Mara ya kwanza kuhamia uthaminishaji wa jengo haurudishwi nyuma, unaanzia mwaka mnaohamia, IAS 8 imelitoa hilo kwenye kanuni ya kurekebisha miaka iliyopita. 2024 inabaki 35. Ila hesabu za mwaka huu zikikaguliwa zikiwa na namba mpya, "za mwisho" zinakuwa hizo, na maneno ya mkataba wenu yanambeba yeye.

BiMizania

Na sababu ya kuhama iwe kwamba taarifa zinakuwa bora kwa wasomaji. "Mwenzetu anataka alipwe zaidi" mkaguzi ataiangalia kwa jicho la pembeni.

kalkuleta_mbovu

kwani kura ziko ngapi ngapi

Mpiga_Hodi

Wanne. Yeye na dada yake wanataka, mwenzetu mwingine hataki. Wanasubiri mimi.

Hesabu_Haina_Undugu

Mkuu na wewe siku ukitoka utalipwa kwa kifungu hicho hicho, umelifikiria hilo?

Mpiga_Hodi

Ndo nalifikiria tangu jana usiku. Kama nina mpango wa kukaa miaka 10 namlipa yeye 28 leo, kama natoka mwakani nami naitaka hiyo 28. Na hela ya kumlipa haipo, benki tuna milioni 6 tu.

Kocha wa Stoo

si mngekuwa na ule mfuko wa uchakavu 😅